Vocha ya Mzee Prodromos

Watu wengi wa hapa Kavala, kaskazini mwa Ugiriki, wanayajua maneno ya Zambeta bila kuijua sura yake. Ukisafiri kupitia ofisi yetu, yeye ndiye anayekuandikia: basi litaondokea wapi, usisahau pasipoti, chukua sweta maana kule usiku kuna baridi. Ukimjibu, naye anakujibu. Ukimwambia goti linakusumbua, wiki ijayo atakuuliza goti linaendeleaje. Mimi ni Loukia, nakaa meza ya pili, nauza tiketi za feri ya kwenda kisiwani Thasos. Kazi yangu haitaki maneno matamu. Saa ngapi? Una gari? Lipa, haya, mwingine. Mdomo wangu hauna breki, na ndiyo maana Bwana Kleanthis, mwenye ofisi, hajawahi kuniachia niandike hata salamu za Pasaka.

Nilikuwa namtania Zambeta kila siku. "Mwenzangu, hao ni wateja au wachumba?" Anacheka, anaziba mdomo kwa kiganja. Mchana sisi wengine tunatoka kula, yeye anabaki na kipande chake cha pai ya jibini, anafungua kompyuta na kusoma majibu. Nikirudi ananisimulia. "Yule mama wa mji wa Drama mjukuu wake amefaulu." "Yule mwalimu aliyekwenda Roma anasema ameniletea kadi." Anasema hivyo kwa furaha kama mtu aliyepata habari za ndugu zake, kumbe hao watu hajawahi kuonana nao hata wawili.

Ndugu alikuwa naye mmoja tu, dada yake aliyeolewa Stuttgart, anayepiga simu Jumapili akiwa na haraka. Mume hakupata. Ujana wake wote aliutumia kumuuguza mama yake, na mama alipofariki, Zambeta alikuwa ameshavuka hamsini na nyumba ikabaki na redio. Niliwahi kumkaribisha kwangu chakula cha Jumapili. Alikuja na keki, akala kidogo, akaosha vyombo vyote mpaka sufuria ambazo hazikutumika, kisha hakuja tena. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Sitaki kuwasumbua, mna mambo yenu." Nilikasirika, nasema kweli. Mtu mpweke anayekataa mlango ulio wazi anaudhi, hata kama unampenda.

Halafu akaja Mzee Prodromos.

Alikuwa mzee wa Nea Karvali, kijiji cha hapo jirani, ambako karibu kila nyumba asili yake ni Kapadokia, upande wa Uturuki. Wazazi wao walihamishwa kutoka kule, wakaja na picha zao za watakatifu na vijiko vyao, na mpaka leo wazee wa hapo wakisema "nyumbani" hujui wanasema wapi. Mke wake, Evlambia, alifariki Novemba iliyopita. Akiwa hospitali alimwomba mumewe jambo moja: apate udongo kidogo wa kijiji alikozaliwa mama yake, umwagwe juu ya kaburi lake. Si jambo la ajabu kwa watu wale. Mzee akaahidi, na akataka litimie kabla ya misa ya mwaka mmoja, ambayo ingesomwa Novemba hii.

Sisi tulikuwa na safari ya siku nane ya basi kwenda Kapadokia, mwezi wa Oktoba. Akajiandikisha mwezi wa Juni. Bei yuro mia sita na arobaini. Angeweza kulipa yote siku ileile, au kutuma kwa benki kama binadamu wengine. Hakutaka. Alikuja kila Ijumaa na noti chache kwenye bahasha.

"Mzee, si ulipe mara moja upumzike?" nilimwambia.

"Nikilipa yote leo, binti, Ijumaa ijayo nitakwenda wapi?"

Nikacheka. Zambeta hakucheka. Alinyanyuka kumchemshia kahawa.

Basi ikawa desturi. Ijumaa ikifika, Zambeta anakuja na vikombe viwili vizuri kutoka kwake, maana vya ofisini vimekatika midomo. Mzee anakaa kwenye kiti cha wateja, kofia gotini, wanaongea. Msinielewe vibaya, mzee alikuwa na miaka themanini na moja, hapakuwa na lolote la kunong'onezana. Alimweleza namna Evlambia alivyokuwa akipika dolma, namna alivyokuwa akimgombeza kwa kuvuta sigara bafuni. Yeye Zambeta akamweleza habari za mama yake. Mimi nilikaa naye meza kwa meza miaka kumi na minne, nikayasikia mambo ya mama yake kwa mara ya kwanza kupitia mgongo wa mzee yule.

Ilipofika katikati ya Septemba, waliojiandikisha walikuwa watu kumi na saba. Mkataba wetu unasema wasipofika thelathini safari inaweza kuvunjwa, ila kwa safari ndefu kama ile lazima wateja waambiwe zaidi ya siku ishirini kabla. Bwana Kleanthis alisubiri mpaka dakika ya mwisho, akipiga simu kwa mapadre na vyama vya wastaafu. Hakupata kitu. Asubuhi moja akatoka chumbani kwake na karatasi, macho mekundu, akaiweka mbele ya Zambeta.

"Itengeneze. Itoke leo."

Zambeta akasoma, akanipa nami nisome. Nanukuu: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, safari imeahirishwa. Umewekewa vocha ya safari nyingine yenye muda maalumu. Usipojibu ndani ya siku tano itahesabiwa umekubali."

"Jamani!" nikasema. "Hii ni barua ya ofisi ya usafiri au ya polisi?"

"Loukia, uza tiketi zako," akasema bosi.

Zambeta hakutania. Katika kazi yake alikuwa mkali kuliko alivyoonekana. Akachukua kalamu.

"Sababu haziko nje ya uwezo wetu, Bwana Kleanthis. Watu hawakutimia. Tuseme hivyo, hawatakasirika. Na haijaahirishwa, imevunjwa. Ukisema imeahirishwa watakaa wanasubiri tarehe."

"Haya. Imevunjwa."

"Vocha ina thamani gani?"

"Walicholipa."

"Basi wana faida gani ya kuichukua? Wametuamini tangu Juni."

Bosi akajikuna shingo. "Ongeza asilimia kumi."

"Muda wake unaisha lini?"

"Mwaka mmoja. Mwisho wa Septemba mwakani."

"Wawe wamesafiri, au wawe wameweka nafasi? Mtu akiweka nafasi mwezi wa tisa asafiri mwezi wa kumi, itakuwaje?"

Bosi hakuwa amefikiria. "Kuweka nafasi kunatosha."

"Na akichukua safari ya bei ndogo, salio?"

"Linabaki kwenye vocha. Zambeta, unanimaliza."

"Akitaka kumpa binti yake?"

"Ampe! Ampe na shangazi yake!"

"Na tarehe ikipita hajaitumia?"

Bosi alitaka iwe imekufa. Zambeta akamwangalia tu. Mwisho bosi akasema walicholipa watarudishiwa, ile nyongeza ndiyo itakayopotea. Zambeta akaandika. Halafu akafuta ile mistari ya siku tano kwa mkato mmoja.

"Kunyamaza si kukubali. Vocha mtu anaichagua mwenyewe, haandikiwi. Sheria inasema pesa taslimu ni haki yao, ndani ya siku kumi na nne tangu safari kuvunjwa."

"Najua sheria inasema nini!" Bosi akakaa kwenye kiti cha wateja, akaonekana mzee ghafla. "Nimeshatoa arbuni za hoteli kule, na hawarudishi mpaka Desemba. Wakitaka pesa wote kumi na saba, mishahara yenu ya Oktoba naitoa wapi? Sisemi uwadanganye. Nasema vocha ije juu, iwe nzuri, pesa ije chini. Taratibu."

Si mtu mbaya Bwana Kleanthis. Ningependa kusema ni mwizi, hadithi ingekuwa nyepesi. Ana madeni na presha, basi.

Zambeta aliifanyia kazi asubuhi nzima. Na alipomaliza, ujumbe ulikuwa mtamu wa kuulamba. Ulianza kwa jina la kila mteja. Ulisema watu hawakutimia na sisi tumesikitika kama wao. Ulieleza vocha yote: thamani, nyongeza, tarehe, salio, kumpa mwingine, na nini kitatokea tarehe ikipita. Kila kitu kilikuwa wazi hata bibi yangu angeelewa. Kisha ukamalizia hivi: "Ukichagua vocha, utakuwa umetusaidia sana, na sisi tutakungoja kwa mikono miwili. Kama haikufai, nipigie mimi mwenyewe, Zambeta, tuzungumze."

Nikausoma mara mbili. "Pesa iko wapi humu?"

"Kwenye 'tuzungumze'."

"Ahaa. Hiyo huku kwetu inaitwa kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akaona haya, lakini akajitetea. "Watapiga simu, Loukia. Wakipiga nitawaambia kila kitu. Mimi nawajua."

Ukatoka. Na loo, majibu! Yalimiminika kuanzia mchana. "Zambeta mwanangu, usijali, tutasafiri mwakani." "Mpenzi, vocha sawa kabisa, muhimu afya." Mama mmoja alituma picha ya paka wake. Zambeta akawa anacheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, mashavu mekundu. Ndani ya siku mbili karibu wote walikuwa wamekubali vocha, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza pesa. Bosi akatununulia bugatsa ya moto, ile pai tamu ya maziwa, kutoka kwa mwokaji wa kona, akamwambia Zambeta, "Wewe unastahili sanamu bandarini." Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na hapo walikuwa wametoka nyoka kumi na sita. Aliyebaki ni Mzee Prodromos.

Alikuja Jumanne, si siku yake. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kubeba boksi la kurabie, zile biskuti za kwao za sukari ya unga. Akaliweka mezani.

"Nimekuja kusaini hiyo vocha, binti."

Zambeta akampa karatasi, uso wake ukang'aa. Mzee akasaini polepole, ulimi nje kidogo. Ndipo Zambeta akauliza kwa sauti ya chini, "Na udongo wa Evlambia, mzee? Misa ya mwaka?"

"Misa itasomwa hivyohivyo. Udongo nitampelekea mwakani." Akajaribu kutabasamu. "Marehemu hana haraka. Mimi tu ndiye niliyemwahidi kabla ya mwaka."

Mimi nilikuwa na mteja wa feri mbele yangu, lakini masikio yangu hayalipiwi na kampuni ya feri. Nikaropoka. "Mzee, Thesaloniki kuna ofisi ina basi la Kapadokia mwanzoni mwa Oktoba. Nafasi zipo, jana nimeona. Wanashika kiti kwa arbuni kidogo, iliyobaki unalipa siku ya kuondoka."

"Nimesikia. Jirani ameniambia." Akafungua mikono. "Arbuni ninayo. Pesa iliyobaki iko hapa kwenu, imekuwa vocha. Vocha yenu wataipokea kule?"

"Hapana, mzee," akasema Zambeta. "Ni ya kwetu tu."

"Basi ndiyo hivyo."

"Lakini ungeweza kuomba pesa." Zambeta alikuwa ameacha kutabasamu. "Si nilikuandikia unipigie?"

"Kukupigia nikwambie nini? Nipe pesa zangu?" Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Umeniandikia kwa jina langu. Umesema nitakuwa nimewasaidia, mtaningoja kwa mikono miwili. Nilimsomea jirani, nikamwambia, huyu binti ananichemshia kahawa tangu Juni, leo ameniomba kitu kimoja. Nitamkataliaje?"

"Mimi sikukuomba, mzee."

"Umeomba, binti. Umeomba kwa adabu."

Na hapo mzee wa watu alikuwa amesema kweli tupu. Sisi watu wa huku ukitutisha tutakupeleka mahakamani mpaka tufilisike, lakini ukituomba kwa upole umetumaliza. Ile barua ya kipolisi ya bosi ingewafanya wote kumi na saba wapige kelele na kupata pesa zao. Ya Zambeta iliwafunga mikono.

Mzee akanywa maji nusu glasi, akavaa kofia, akasema, "Haya, tutaonana Ijumaa. Sina cha kulipa, lakini nitakuja kuuliza safari za mwakani." Akaondoka.

Zambeta alibaki amesimama. Mteja wangu alipotoka nikamwona bado amesimama, ameshika ile karatasi yenye saini.

"Haya, yameisha," nikasema. "Mzee mwenyewe karidhika."

"Loukia, nilifurahi."

"Ulifurahi nini?"

"Aliposema mwakani. Nilianza kuhesabu Ijumaa." Akakaa kitini. "Hata wakati naandika nilijua. Ningeweza kuweka neno pesa. Nilijua nikiweka, atachukua, ataenda zake na basi la ofisi nyingine. Nikaandika 'nipigie'. Nilisema ni kwa ajili ya bosi."

Nilitaka kumwambia kila mtu angefanya vile. Nilitaka pia kumzaba kibao. Miaka kumi na minne niko hapa mita mbili kutoka kwake, halafu anamng'ang'ania mzee wa watu kwa vocha ili apate mtu wa kunywa naye kahawa!

Hakunipa muda. Akaingia kwa Bwana Kleanthis bila kubisha hodi, nami nikamfuata, maana kuta zetu ni nyembamba lakini si nyembamba vya kutosha.

"Mzee Prodromos arudishiwe pesa yake," akasema.

"Si amesaini sasa hivi? Nimemwona."

"Amesaini kwa sababu ya barua yangu. Barua yangu haikumwambia ana haki ya pesa. Ilimwambia anipigie. Kukubali gani huko, kama hujaambiwa unakataa nini?"

"Haya, mzee mmoja, sawa. Kwa ubinadamu."

"Si mmoja. Wote walipata barua hiyohiyo. Nataka niwaandikie upya."

Bosi akasimama. "Umerogwa? Wamekubali! Wanatuma picha za paka!"

"Ndiyo maana."

"Zambeta, nitafunga hili duka."

"Hutalifunga," nikadakia. "Mmoja wao akimwonyesha barua wakili, ndipo utakapolifunga. Na hao wengine wakisikia mzee kapewa na wao hawakuambiwa, hutapata mtu wa kwenda hata Thasos."

"Wewe nani kakuita?"

"Mshahara wangu wa Oktoba ndio umeniita."

Akamgeukia Zambeta. "Basi andika. Lakini andika kwa jina la ofisi. Lako ulitoe."

"Likiondolewa jina langu watadhani ni matangazo, hawatafungua. Unajua hivyo." Hakurudi nyuma. "Na barua isipotoka hivi ninavyotaka, jina langu hutaliweka tena popote."

Bwana Kleanthis akatazama dirishani, feri ilikuwa inageuka. Akasema, "Andika. Sitaki kuiona." Tukatoka kabla hajajuta.

Hii ya pili haikumchukua asubuhi nzima. Alikaa, akaandika, akanisomea kwa sauti kavu. Ninayo mpaka leo kwenye simu yangu, maana nilimwomba anitumie na mimi:

"Barua yangu ya wiki iliyopita haikusema jambo moja wazi, na kosa ni langu. Safari tumeivunja sisi, kwa hiyo una haki ya kurudishiwa pesa zako zote ulizolipa. Huhitaji kutoa sababu. Nitumie namba ya akaunti na zitafika ndani ya siku kumi na nne tangu siku safari ilipovunjwa. Ukipenda, badala ya pesa unaweza kuchagua vocha: ni kiasi ulicholipa pamoja na asilimia kumi, na ni lazima uweke nafasi kabla ya tarehe thelathini Septemba mwakani. Tarehe ikipita hujaitumia, ulicholipa kitarudi kwako, nyongeza haitarudi. Kama ulishakubali vocha unaweza kubadilisha, na hakuna atakayekuchukia. Usipojibu, tutakurudishia pesa."

"Hujaweka goti la mtu yeyote," nikasema.

"Hapana."

"Wala mikono miwili."

"Loukia, tafadhali." Akabonyeza kutuma.

Safari hii majibu yalikuja taratibu. Namba ya akaunti. Namba ya akaunti. Namba ya akaunti, "haraka iwezekanavyo". Yule mama wa paka alituma namba ya akaunti bila paka. Mmoja aliandika, "Kumbe mlitaka kutuzunguka," na Zambeta akamjibu kwamba ana haki ya kukasirika. Wanne walibaki na vocha, wakasema tu "vocha", neno moja. Hapakuwa na mpenzi wala mwanangu. Kila mchana alikula pai yake huku akinakili tarakimu, akizihakiki mara mbili, na niliporudi hakuwa na cha kunisimulia.

Ya Mzee Prodromos ilikuja siku ileile, jioni ofisi ikifungwa. Tarakimu zote, halafu: "Nimeshika kiti kule. Asante." Zambeta alimweka wa kwanza kwenye malipo. Pesa ziliingia wiki hiyohiyo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Oktoba tulilipwa mishahara nusu, nusu nyingine Desemba. Nilimtukana bosi moyoni na Zambeta pia, kisha nikanunua dengu nikapika, maisha yakaenda.

Ijumaa mzee hakuja. Na angekuja kufanya nini? Alikuwa na mizigo ya kufunga. Mlango ukifunguliwa Zambeta anainua kichwa, anaona ni mtu wa feri, anakirudisha. Nilijikaza nisitanie. Nikamwambia Jumapili aje kwangu, nimeshawaambia watoto, na safari hii sufuria hataosha. Akasema ataona.

Siku basi la Thesaloniki lilipoondoka, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Sikukumbuka tarehe, yeye ndiye aliyeikumbuka. Tulikuwa wawili tu, feri zimesimama kwa upepo.

"Wameshapita hapa sasa," akasema. "Barabara ya kwenda mpakani inapita juu hapo. Unafikiri wamempa kiti cha dirishani? Hapendi kukaa nyuma, kichwa kinamzunguka."

"Si umpigie umuulize."

Akaweka mkono juu ya simu. Namba ya mzee alikuwa nayo kichwani, mimi najua, ameipiga mara ngapi kumkumbusha pasipoti. Nikasubiri. Nilitamani aipige, nilitamani kuliko nilivyotamani nusu ya mshahara wangu.

"Nimpigie nimwambie nini?" akasema, akautoa mkono. "Hatudai chochote tena."